Prizi Moja ya Mama Léoncie

Pale Majengo, Goma, ukitaka shati lako lipigwe pasi mpaka uone aibu kukaa nalo chini, unampelekea Mama Léoncie. Usimwulize bei mara mbili, na usimwambie kupiga pasi ukosi ni kazi rahisi, atakurudishia shati lako na mikunjo yake yote. Mama huyu ana mdomo. Lakini mdomo huo huo ndio unaokuuliza kama umekula, na ukisema bado, hakuna njia ya kutoka pale kabla sahani haijawa tupu.

Alipanga chumba kwa Muzee Habarurema tangu mwaka ule volkano ilipokula mji, elfu mbili na mbili. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa imezikwa chini ya lava, na yeye alikuwa amekimbilia Gisenyi na beseni moja kichwani. Kule alimpoteza bintiye katika umati, akamtafuta siku kumi na moja bila kujua kama yu hai. Walipoonana, mama hakulia, alimchapa kofi kwanza, kisha ndipo akalia. Muzee aliwapa chumba, ukuta wa mawe nusu na mbao nusu, akasema watazungumza mambo ya kodi wakipumua. Binti alikua, akaolewa Bukavu. Mama akabaki. Waasi walikuja mwaka elfu mbili kumi na mbili, wakaondoka. Volkano ikarudi mwaka ishirini na moja, ikasimama kabla ya kufika mjini kati. Yeye alirudi kila mara kwenye chumba kile kile na kusalimia mlango kama mtu.

Sasa vita vilikuwa vimerudi tena. Rutshuru ilikuwa imefungwa, magari ya makala, yale makaa ya kupikia, hayapiti, na gunia la makala likapanda bei mpaka watu wakaliogopa. Mama Léoncie alikuwa amepiga pasi ya makala maisha yake yote, akapika maharage yake kwa makala maisha yake yote. Akafanya nini? Akaenda soko la Virunga akanunua pasi ya umeme na réchaud, jiko dogo la umeme, na kwa sababu chumba kilikuwa na prizi moja tu ya kuchomekea umeme ukutani, akanunua na multiprise, ile ya bei ya chini, nyeupe, yenye matundu manne.

Multiprise ya pili, ile ndefu ya matundu kumi, aliinunua kwa ajili ya simu. Hilo lilianza kanisani. Alimwona msichana mmoja, Généreuse, amekaa benchi la nyuma na mtoto mgongoni, anaangalia simu iliyozimika kama mtu anayeangalia mlango. Alikuwa ametoka Rutshuru na kupiga hema Kanyaruchinya, kwenye barabara ya Kibati. Mume wake alikuwa amebaki nyuma na mama yake mgonjwa, na kambini hakuna umeme.

"Simu yako nipe," alisema Mama Léoncie. "Kesho kuja uichukue."

"Unalipisha ngapi, mama?"

"Nitakulipisha kofi ukiniuliza tena."

Baada ya mwezi zilikuwa simu tisa. Kila moja ilikuwa na kipande cha plasta mgongoni na jina lake. Aliyewahi kukaa siku kumi na moja bila habari ya mwanawe hawezi kumwambia mwingine aende na simu iliyokufa, ndivyo alivyomjibu Muzee alipolalamika kwamba watu wanazidi kuingia uani. Muzee alinung'unika, akaenda zake. Alikuwa mtu wa kunung'unika, lakini miguu yake haikuwahi kufuata maneno yake.

Basi, Ijumaa moja ya Februari, saa kumi na mbili jioni. Maharage yako kwenye réchaud. Pasi iko moto, imesimama kwenye meza, mashati ya kwaya yanasubiri. Simu tisa ziko kwenye multiprise ya pili, na hiyo ya pili imechomekwa ndani ya ile ya kwanza. Manyunyu yakaanza, Mama akakimbia nje kuanua nguo. Aliporudi na nguo mkononi alinusa plastiki. Akaona moshi unatoka pale prizini, mweusi, mwembamba, halafu pazia likashika, halafu ubao.

"Moto! Ee Yesu, moto! Batu, kuja!"

Majengo ni mahali pa watu wepesi. Mmoja alikimbilia kwenye mita nje na kushusha swichi kubwa, maana kila mtu pale anajua humwagii maji kitu chenye umeme. Wengine walichota mchanga mweusi wa uani kwa ndoo, kwa sahani, kwa kofia. Mwingine alikuwa na namba ya pompiye, wale wazimamoto, akapiga, akaeleza: Majengo, nyuma ya shule, nyumba ya mbao na mawe, moto wa umeme, hakuna mtu ndani. Gari lilifika baada ya dakika ishirini na tano, na kwa njia zetu za mawe hiyo ni mbio. Moto ulikuwa tayari umekula mbao za upande mmoja, dari, na kipande kikubwa cha paa. Wazimamoto wakamaliza yaliyobaki, wakapasua dari kutafuta makaa yaliyojificha.

Mama Léoncie, katika dakika mbili kabla wazimamoto hawajaingia, alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Aliingia na kitambaa cha maji puani, akazikusanya simu tisa zilizoyeyuka ndani ya beseni, akazifunika na kitenge. Alishawasikia watu wawili nje wakisema: ni simu za wale wakimbizi ndizo zimechoma nyumba. Alijua kesho neno hilo litakuwa limefika Birere, na keshokutwa hakuna mkimbizi atakayekaribishwa uani kwa mtu. Afadhali waseme ni yeye peke yake.

Mkuu wa wazimamoto aliitwa Jean-Bosco, mtu mrefu, mpole, mwenye masizi puani. Alifungua daftari la ripoti akamwuliza kwa utaratibu. Moto ulianza saa ngapi? Ulianzia wapi? Nani aliuona kwanza? Nani alikata umeme? Kuna aliyeumia? Ni vitu gani vilikuwa vimechomekwa?

"Réchaud," alisema Mama. "Na pasi. Na taa."

Jean-Bosco alipiga picha prizi ile, nyeusi kama kikaangio, na multiprise mbili zilizogandamana. Akainama. Akahesabu kwa kidole.

"Mama, hapa naona vichwa vya chaja tisa. Wewe uko na simu ngapi?"

"Moja."

"Na chaja tisa?"

"Napenda chaja," alisema Mama Léoncie.

Jean-Bosco hakucheka, ingawa shavu lake lilicheza. Akaandika: chaja tisa, simu hazikuonekana. Kisha akamgeukia Muzee Habarurema, aliyekuwa amefika akihema, kofia mkononi. "Muzee, nyumba ina assurance?"

Ilikuwa nayo. Muzee alijenga kwa mkopo, na waliomkopesha walimlazimisha aikatie nyumba bima ya moto.

"Basi mutu asiguse kitu humu mpaka expert wa assurance aje aone kwa macho yake. Prizi ibaki pale, waya zibaki pale, majivu yabaki pale. Na uende kutangaza kwao upesi, mikataba mingi inasema siku tano. Ripoti yangu utaipata kwenye bureau yetu Jumatatu."

Wote walisema ndiyo. Walisema kwa moyo wote.

Usiku huo Mama alilala kwa jirani. Alfajiri alijifunga beseni lake mgongoni kama mtoto na kushika njia ya Kanyaruchinya kwa miguu, kwenda kuwaambia watu tisa. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, na maneno yote yalikuwa mabaya. Alipofunua kitenge mbele ya hema, Généreuse aliangalia mle ndani, akaona plasta yenye jina lake imejikunja. Halafu akamshika Mama Léoncie mikono yote miwili, akaigeuza, akaitazama viganja na migongo.

"Mama, wewe hukuungua?"

Mama yule mwenye mdomo alikaa chini kwenye mawe akalia, na Généreuse akalia naye, maana namba ya mume ilikuwa mle na hakuwa ameiandika mahali pengine.

Sasa, Jumamosi ni siku gani Goma? Ni siku ya salongo. Asubuhi maduka yanafungwa, kila mtu anashika fagio na jembe, avenue inasafishwa. Na watu wa avenue ile walipofika mbele ya chumba cha Mama Léoncie, wakaona uchafu ule, majivu, mbao zilizoungua, ukuta mweusi, na mwenyewe hayupo, roho iliwauma. Mama aliyewapigia pasi mashati ya ndoa! Akirudi akute hivi? Wakaingia wote. Wakakwangua, wakafagia, wakaosha kwa sabuni na maji ya ndoo arobaini. Waliokuwa wamesikia maneno ya Jean-Bosco walikuwa wametumwa upande wa mfereji. Prizi iling'olewa, multiprise zikaenda shimoni pamoja na mbao. Mmoja alileta chokaa iliyobaki kwake, akapaka ukuta mpaka ukawaka.

Mama Léoncie aliporudi saa nane, walimsubiri wamejipanga, wanatabasamu, mikono myeupe. Angesema nini? Aliwashukuru mmoja mmoja. Kisha akaingia ndani, akafunga kile kilichobaki cha mlango, akajishika kichwa.

Muzee Habarurema alipoona, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Wametumaliza kwa upendo," alisema. Na pale kwenye ndoo ndipo wazo baya lilipomjia. Kama hakuna prizi, nani atajua? Waseme umeme ulikatika, ukarudi na nguvu, ukachoma. Kosa la waya za nje, si la mtu. Hakuna réchaud, hakuna simu.

"Wakisema ni wewe ulijaza prizi, watakataa kulipa," alisema. "Wakikataa, sina pesa ya kuweka paa. Bila paa sitaweza kukuweka hapa, Léoncie. Na hata wakilipa, wanaweza kukugeukia wewe ulipe. Mupangaji akichoma, sheria inamukamata."

Mama Léoncie hakuwahi kusaini uongo. Lakini alikuwa na miaka hamsini na tisa, na hakuwa na pengine pa kusalimia mlango. Jumatatu wakaenda pamoja kwenye ofisi ya bima, ngazi za juu, kiti cha plastiki. Muzee akajaza karatasi: tarehe, saa, mahali, sababu: umeme kurudi kwa nguvu. Mama akasaini chini, kama mpangaji na shahidi. Kalamu ilimteleza mara mbili. Usiku wa kwanza hakulala, wa pili hakulala, na mashati ya watu aliyoyapiga siku zile kwa pasi ya kuazima yalikuwa na mikunjo, jambo lililotisha Majengo kuliko moto wenyewe.

Jumatano expert akaja. Wote walitarajia mwanamume na mkoba. Akaja mama mmoja mnene, Wivine, viatu vya mvua, tochi kifuani, na ripoti ya Jean-Bosco mkononi pamoja na picha zake. Alisimama mlangoni. Akaangalia ukuta ule mweupe, sakafu ile safi.

"Hapa ndipo palipoungua?"

"Ndiyo, mama," alisema Muzee.

"Mbona ni pasafi kuliko kwangu?"

Wakamweleza salongo. Wivine alifumba macho, akavuta pumzi ndefu. "Miaka kumi na sita niko kwa kazi hii," alisema. "Nimekuta majumba yameibiwa, yamebomolewa. Kupakwa chokaa, hii ni ya kwanza."

Lakini mtu aliyezoea kazi hamalizwi na chokaa. Alipapasa ukuta mpaka akapata pale waya zinapotoka, akakwangua, akavuta: plastiki ya waya ilikuwa imeyeyuka urefu wa mkono mzima ndani ya mbao. "Umeme ukirudi kwa nguvu hauli waya polepole hivi," alisema. "Hii ilipata joto siku nyingi." Kisha akatoka nje, akafungua sanduku la mita. Ile disjoncteur ndogo ya chumba, swichi inayopaswa kujikata mzigo ukizidi, ilikuwa imerukwa kwa kipande kinene cha waya wa shaba kilichosokotwa vizuri pande zote mbili, umeme upite pembeni bila kukatwa.

Muzee Habarurema alivua kofia, akaishika mkononi.

Wivine alirudi, akaketi, akaweka karatasi mbili kwenye goti. "Sikilizeni vizuri wazazi wangu, maana nitasema mara moja. Hii ni ripoti ya pompiye: multiprise mbili, réchaud, pasi, chaja tisa. Hii ni karatasi yenu: umeme umerudi. Haziendi pamoja. Assurance ya moto ililetwa kwa ajili ya watu wanaosahau, wanaokosea, wanaojaza prizi. Mutu akichoma kusudi, halipwi. Mutu akidanganya kwenye karatasi, anapoteza haki yake yote, hata kama moto wenyewe ungelipwa. Dossier, hii faili yenu, bado iko mikononi mwangu. Mukitaka kurekebisha, ni sasa."

Muzee alitazama viatu vyake. Mama Léoncie alitazama Muzee. Alijua nini kitatokea akifungua mdomo: atakuwa ndiye aliyechoma, atagharimia, atatoka. Na simu zitatajwa, na wakimbizi watasemwa. Lakini alikuwa amechoka na ile karatasi kuliko alivyowahi kuchoka na kazi.

"Nilidanganya mimi," alisema. "Hakuna umeme uliorudi, haukuwa umekatika. Maharage yalikuwa kwa réchaud, pasi ilikuwa moto, nikatoka kuanua nguo. Na simu zilikuwa tisa, za watu wa Kanyaruchinya. Nilizificha. Wao hawana kosa, mama, waliniamini tu. Kama ni simu zimechoma, andika mimi ndiye nilizichomeka."

"Simu?" alisema Wivine. Na akacheka, kicheko cha tumbo, mpaka tochi ikaruka kifuani. "Mama yangu! Simu tisa zote pamoja hazifikii watt mia moja. Pasi yako moja, elfu moja mia tano. Réchaud yako, elfu moja mia tano ingine. Hizo mbili peke yake zinavuta ampère karibu kumi na nne, na multiprise yako, angalia hapa kwenye picha, imeandikwa kumi. Hizo simu hata usingezichomeka, chumba kingeungua."

Siku tano Mama Léoncie alikuwa amewabeba wale watu tisa kifuani, na walikuwa wepesi hivyo.

"Lakini disjoncteur ingekata," aliendelea Wivine, na sasa hakucheka. "Ni ya ampère kumi. Ingekata dakika chache tu, mama angekasirika, maharage yangechelewa, basi. Nani aliweka ule waya?"

"Ni mimi nilimwomba," alisema Mama Léoncie haraka. "Ilikuwa inakatika kila saa, nikamsumbua—"

"Nyamaza, Léoncie." Muzee Habarurema alisimama. Alivaa kofia yake, akaivua tena. "Yeye aliomba nifanye kitu. Hakusema nifanye nini. Fundi alitaka kuvuta laini mpya, nikaona ni gharama. Ule waya niliusokota kwa mikono hii, na koleo yangu. Andika hivyo. Na andika kwamba lile neno la umeme kurudi nililileta mimi, yeye alisaini kwa sababu nilimutisha na paa." Alimwonyesha Mama kwa kofia yake. "Kama hamunilipi, musinilipe. Lakini huyu mama hatatafuta nyumba ingine kwa ajili ya waya yangu."

Wivine aliandika muda mrefu. Walisaini karatasi mpya, wote wawili, na safari hii kalamu haikuteleza. Aliwaambia ukweli wote, mtamu na mchungu: kampuni italipa, lakini itapunguza sehemu kwa sababu ya waya ule, na kwa kuwa umeme wa mwenye nyumba wenyewe ulikuwa na kasoro, haoni njia ya kampuni kumgeukia mpangaji, ataandika hivyo. Ila bima ni ya jengo. Kitanda, pasi, mashati ya kwaya na simu tisa, hakuna atakayelipa.

"Hayo nimeshalipa," alisema Mama Léoncie, na hakuna aliyeelewa isipokuwa yeye na njia ya Kanyaruchinya.

Mwezi wa nne paa likawekwa. Kwaya, waliopoteza mashati kumi na mawili, walimchangia pasi, wakimwomba tu asiiache peke yake. Généreuse alipata laini mpya. Alimpata mume wake kwa kupitia paroko, baada ya wiki sita, na siku hiyo alikuja mbio Majengo na mtoto mgongoni, akimwita mama tangu mwanzo wa avenue.

Fundi alipofika kwa ajili ya umeme, Mama Léoncie alisimama pembeni, mikono nyuma, hataki kuonekana ana maoni. Laini ya kwanza ikavutwa kwa réchaud, na swichi yake. Ya pili kwa pasi, na swichi yake. Fundi akaanza kukusanya vyombo.

"Bado," alisema Muzee Habarurema, akanyoosha kidole kwenye ukuta wa karibu na mlango, kwa urefu wa mtu aliyekaa. "Hapa weka matundu kumi."

"Ya nini, muzee? Mama si ana simu moja?"

"Ya watu," alisema Muzee. Akamgeukia mpangaji wake, ambaye alikuwa ameshaanza kufuta macho kwa pembe ya kitenge, na akanung'unika kama kawaida yake. "Usilie, Léoncie. Waambie wakuje. Lakini wapanguse miguu."